Barua Aliyoichapa Dafroza

Dafroza alikuwa na sifa moja aliyojivunia kuliko zote: hakuwahi kusoma alichokichapa. Usicheke. Wachapaji wa zamani wanaelewa. Jicho linafuata mwandiko, vidole vinafuata jicho, na kichwa kinakwenda kinakotaka, sokoni, kanisani au makaburini kwa marehemu. Kwa miaka kumi na tisa alichapa barua za siri za chama cha ushirika, na siku mhasibu alipofukuzwa kazi, Dafroza alishangaa na kusikitika pamoja na wenzake wote, ilhali barua ya kumfukuza alikuwa ameichapa yeye mwenyewe jana yake.

Chama kilipokufa, mwaka 1991, naye alimwaga unga. Mafao yake hayakutimia; sehemu iliyopungua alifidiwa kwa taipureta kuukuu ya ofisi, ambayo herufi zake alizijua kuliko alivyojua nyuso za shemeji zake. Akaomba kibaraza cha duka lililofungwa karibu na posta ya Musoma, akaweka meza na viti viwili, akaanza kuchapia watu barua za kuomba kazi. Wateja hawakukosekana. Huku kiwanda kimepunguza watu, kule shirika limefunga milango, na redioni kila siku zinasifiwa kampuni za watu binafsi zinazokuja na viwanda vya minofu ya sangara kandokando ya ziwa. Kila mtu alikuwa anaomba kazi kwa mtu asiyemjua.

Dafroza aliwafanyia jambo ambalo wachapaji wengine hawakulifanya. Kila barua aliitia karatasi ya kaboni, akabaki na nakala kwenye faili lake. Mtu asiye na kazi haandiki barua moja. Akirudi mwezi ujao, hakuwa na haja ya kueleza tena amesoma wapi na amefanya nini. Dafroza alichomoa nakala, akabadilisha jina la kampuni, kazi ikaisha. Hilo alilifanya kwa wema, wala hakulitoza kitu.

Alipanga chumba kimoja Kigera. Mumewe, Masatu, alifariki miaka minane nyuma, na Mungu hakuwajalia mtoto. Ndugu zake wa Manyamanyama, kule Bunda, walikuwa wakimkumbuka kila Januari ada za shule zikiwabana. Alipopoteza kazi walisahau hata Januari. Kutwa nzima alizungumza na watu, lakini mazungumzo yenyewe yalikuwa jina kamili, umri, elimu, dini. Jioni alisonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja ni mgumu kuukadiria, unazidi tu. Alikuwa mpweke, hilo tuliseme waziwazi, na alikuwa ameshazoea kiasi kwamba angekataa kama ungemwuliza.

Ndipo alipokuja Mihayo.

Alifika Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mwaka 1994, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, sauti ya taratibu. Alisema ni wakala wa kampuni ya Mwanza iitwayo Zawadi ya Ziwa Minofu, na alitaka kuchapiwa barua kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya mashine ya kudurufu, ili akatoe nakala nyingi. Kabla ya kutoa karatasi yake aliuliza, "Dada, wewe hapa unakaaga peke yako siku zote?"

Hakuna mteja aliyewahi kumwuliza hivyo. Dafroza alisema ndiyo, kisha akajikuta anaeleza habari za chama, za Masatu, za mwenye nyumba wa Kigera anayefunga bomba saa kumi na mbili. Mihayo alisikiliza. Alinunua chai na maandazi kwa mama wa jirani, wakanywa. Alhamisi iliyofuata alirudi, na iliyofuata. Baada ya wiki tatu Dafroza alianza kuvaa gauni lake la kitenge cha Pasaka siku za Alhamisi, na alijidanganya kwamba ni kwa sababu mengine yamechakaa.

Barua yenyewe Mihayo aliitoa Alhamisi ya nne, nayo ilikuwa imeandikwa ovyo, kwa kalamu. Ilisema tumekuona unafaa, tuma hela upesi nafasi zisiishe. Dafroza alitabasamu. "Kaka, ofisi haiandikagi hivi," alimwambia, naye akamnyooshea. Hela ikawa ada ya usajili isiyorejeshwa. Upesi ikawa ndani ya siku kumi tangu tarehe ya barua hii. Aliweka kumbukumbu namba juu kulia, akaweka YAH na kuipigia mstari, akaacha nafasi tupu baada ya neno Ndugu na nyingine mbili katikati, za kujaziwa kwa kalamu, kama Mihayo alivyoagiza. Mwisho aliweka Ndimi katika ujenzi wa taifa. Ilikuwa barua nzuri. Vidole vilimwenda kwa raha kama zamani, na kichwa, kama kawaida, hakikuwapo. Kilikuwa kwenye kiti cha pili, kwa Mihayo, ambaye alikuwa anapekuapekua faili la nakala na kunakili mambo fulani kwenye daftari dogo.

"Naangalia mifano ya watu wanavyojieleza," alisema. "Kampuni inahitaji kujua aina ya watu walioko huku."

Dafroza aliona ni jambo la busara. Na siku hiyohiyo, wakiagana, Mihayo alimwambia kampuni itahitaji katibu muhtasi, mtu mzima, mwenye adabu ya ofisi, atakayepewa na chumba hukohuko Mwanza. "Nimeshawatajia jina lako, dada. Wewe ada hutoi." Usiku huo Dafroza alisonga ugali, akashindwa kuula kwa furaha.

Wiki tano baadaye, Jumatatu asubuhi, alikuja Thadeo Nyamburi kutoka Butiama. Dafroza alimkumbuka, kijana wa miaka ishirini na minane hivi, aliyewahi kuwa mtunza stoo kwenye kinu cha kuchambua pamba kabla hakijafungwa. Alikuwa na mke, watoto wawili na mama mzee. Safari hii alikuja anacheka.

"Mama, shikamoo. Nimepata."

"Marahaba. Umepata nini?"

Akamtandazia barua mezani. Dafroza hakuhitaji kuisoma. Aliijua kabla hata hajaigusa, mpangilio wake, mstari wake chini ya YAH. Zawadi ya Ziwa Minofu. Moyo ulimruka kwa furaha ya kweli. Kumbe kampuni imeanza kuajiri, na imeanza na mteja wake mwenyewe! Alimpa Thadeo mkono, akamwombea heri. Thadeo alitaka achapiwe jibu la kukubali kazi, kisha aende dirishani posta kutuma ada kwa mani oda. Fedha alikuwa nazo kwenye bahasha ndani ya shati. Alikuwa ameuza mbuzi wanne, na mama yake alikuwa ametoa ndama wa kike aliyetengwa kwa ajili ya matibabu ya macho yake.

"Macho yatasubiri," Thadeo alisema. "Mshahara elfu sitini kwa mwezi, mama. Nitampeleka hospitali ya Bugando mwenyewe, kwa gari la kampuni."

Dafroza akaingiza karatasi kwenye mashine, akaweka kaboni, akaandika tarehe.

"Halafu wananipenda kweli hawa watu," Thadeo aliendelea, akionyesha kwa kidole pale palipojazwa kwa kalamu. "Ona. Wanajua nilikuwaga mtunza stoo. Wanajua kidato cha nne nimemaliza mwaka gani. Tena wameniongezea. Mimi nimefanya miaka minne, wao wameandika sita. Nikasema basi, wakosee tu, si hasara kwangu."

Vidole vya Dafroza vilisimama.

Alikumbuka. Mwezi wa kwanza, alipomchapia Thadeo barua ya maombi, aligonga 6 mahali pa 4. Karatasi zilikuwa ghali, wakakubaliana kuisahihisha kwa kalamu. Waliisahihisha ile iliyokuwa inakwenda kwenye bahasha. Nakala haikuguswa. Ya nini, nakala?

Alichukua faili, akatafuta chini ya N, akaitoa. Ilikuwa na rangi ya bluu iliyofifia. Uzoefu wa kutunza stoo ya pamba kwa miaka 6. Katika dunia yote ya Mungu hiyo ndiyo karatasi pekee iliyosema Thadeo Nyamburi alitunza stoo miaka sita, na ilikuwa imelala kwenye faili lake, na mtu mmoja tu aliwahi kulipekua.

Sasa aliisoma ile barua. Kwa mara ya kwanza aliisoma kama inavyopaswa kusomwa, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, na kila alipofika paliuma. Jina la Thadeo lilikuwa kwa kalamu, kwenye nafasi aliyoiacha mwenyewe. Basi barua haikuandikwa kwa Thadeo, iliandikwa kwa yeyote. Ilimpa kazi mtu ambaye hakuiomba, bila kumwita kwenye usaili, kwa mshahara ambao hata meneja wa ushirika hakuuona. Ofisi ilisemekana iko Mwanza, lakini haikutajwa mtaa wala simu, ni sanduku la posta peke yake, na chini yake onyo kwamba waombaji wasifike ofisini. Fedha hazikuelekezwa kwa kampuni. Zilielekezwa kwa jina la mtu, tena zilipwe posta ya Bunda. Aliyesaini aliitwa Meneja Uajiri, hana jina. Barua ilimtaka mpokeaji asimwonyeshe mtu, kwa kuwa nafasi ni chache. Akageuza bahasha. Mhuri wa stempu ulikuwa wa Bunda.

Haya yote alikuwa ameyachapa yeye. Ukiacha mhuri, hakuna hata moja lililofichwa. Na yale maneno mazito ya kiofisi, yaliyomfanya mtu wa Butiama auze mbuzi bila kuuliza mara mbili, yalikuwa yake, hayakuwa ya Mihayo. Angeiacha ile tuma hela upesi kama ilivyokuja, Thadeo angeichekea na kuwashia moto.

Nitakuambia alichokifikiria, ingawa hakimpendezi mtu. Alifikiria chumba cha Mwanza. Alifikiria kiti cha pili siku ya Alhamisi. Alifikiria kwamba akinyamaza dakika tano tu, Thadeo atakwenda dirishani, na yeye atabaki na rafiki yake. Aliitazama bahasha iliyotuna ndani ya shati la yule kijana, akatamani angekuwa amekuja jana wakati yeye hayupo.

"Mwanangu," alisema, "usitume hizo fedha. Hii barua ni ya wizi."

Thadeo alidhani ni utani. Dafroza akamwonyesha, moja moja, jina la kalamu, sanduku bila mtaa, fedha kwa jina la mtu, mhuri wa Bunda. Thadeo alisikiliza huku uso ukimkaza, na kwa kila jambo alikuwa na jibu. Kampuni mpya bado inajenga, ndiyo maana haina mtaa. Mtu wa Bunda ni mhasibu wao. Siku zimebaki mbili. Mwishowe akasema maneno ambayo Dafroza aliyatarajia.

"Mama, wivu huo. Wewe unakaa hapa kibarazani, unataka na sisi tukae. Kama ni ya uongo, umejuaje?"

Mama wa maandazi aligeuka kusikiliza. Fundi saa wa kibaraza cha pili pia.

"Nimeichapa mimi," Dafroza alisema. "Hapa, kwa mashine hii. Na habari zako walizitoa kwangu." Akamwekea nakala ya bluu kando ya barua, sita kando ya sita.

Thadeo alipitisha kidole kwenye tarakimu moja, kisha kwenye ya pili. Hakumtukana, angemtukana ingekuwa nafuu. Alikunja barua yake, akakunja na ile nakala, akasimama. "Kwa hiyo walinijua kwa sababu nilikuja kwako," alisema, kisha akaketi tena.

Walikwenda wote wawili posta. Petronila wa dirishani aliwaambia kwamba kwa wiki mbili amepokea mani oda za jina hilohilo kwenda Bunda, alidhani ni michango ya msiba. Ambaye ameshatuma, akileta risiti yake, na fedha ikiwa haijachukuliwa, anaweza kuomba izuiwe. Mtu mwingine hawezi kumzuilia. Akawashauri waende polisi. Huko Koplo Wambura, mtu mnene asiye na haraka, aliisoma barua mara mbili, akamwuliza Dafroza mwenye barua huja lini.

"Alhamisi," Dafroza alisema, na aliona aibu kwa jinsi alivyojibu upesi.

Siku mbili zilizofuata hakumchapia mtu. Alihesabu nakala za faili pamoja na ile aliyoichukua Thadeo, arobaini na moja, akawaandikia wengine wote barua fupi. Safari hii hakuweka YAH wala kumbukumbu. Aliandika kama mtu anavyosema: ukipata barua ya kazi ambayo hukuiomba, inayotaka fedha kabla hujamwona mwajiri, usitume, waliokutafuta walipata jina lako kwangu, kama umetuma, nenda na risiti posta leo. Akaweka jina lake. Alinunua stempu arobaini, kwa maana Thadeo alikuwa ameshajua. Kila alipotia barua kwenye sanduku alijua anampoteza mteja.

Alhamisi alivaa gauni la kawaida. Koplo Wambura alikaa kwenye kiti cha mteja, amevaa shati la kiraia, ameshika cheti cha kuzaliwa cha mtu. Walikubaliana Dafroza asifanye kitu. Akija, amsalimie kama siku zote. Saa nne Mihayo alitokea kwa upande wa soko, mkononi ana kifurushi cha gazeti kinacholowa mafuta. Bado alikuwa mbali. Alikuwa anapita kati ya watu, anawapisha akina mama wenye mizigo, mtu mwenye adabu zake. Dafroza angeweza kutikisa kichwa. Ungekuwa mtikiso mdogo tu, na yule koplo aliyekuwa anajitia kusoma asingeuona.

"Karibu, kaka," alisema.

Mihayo, akiwa bado amesimama, alitoa stensili mpya na karatasi ya mwandiko wake. "Hii ya pili, dada, inyooshe kama ile. Ile imewagusa watu." Alisema hivyo mbele ya koplo, hana hili wala lile. Alipoona pingu hakukimbia. Alimtazama Dafroza kwa mshangao, macho yakamlegea, na ukiniuliza mimi, mshangao ule ulikuwa wa kweli.

"Ningekuchukua Mwanza," alisema.

"Kuna ofisi Mwanza?"

Mihayo alimnyooshea koplo mikono. Alipokuwa anapelekwa, mama wa maandazi alimpigia kelele za mwizi, na watu wakakusanyika. Taipureta ilibebwa nayo, kielelezo, pamoja na faili. Kibarazani palibaki meza na viti viwili na kifurushi cha gazeti ambacho hakuna aliyekigusa.

Kituoni Koplo Wambura alichukua maelezo kwa mkono, karatasi ikiwa juu ya goti kwa sababu meza ilijaa. Jina, umri, dini, makazi. Dafroza aliyajibu akiona ajabu ya kukaa upande huu wa maswali. Alieleza yote, stensili, ada isiyorejeshwa, sita na nne. Aliambiwa watu tisa walikuwa wameshatuma. Wanne wamewahi kuzuia. Watano hawakuwahi. Aliomba majina ya wale watano, akanyimwa kwanza, kisha akapewa, na wote aliwakumbuka.

"Sasa hapa," Koplo alisema, "uhusiano wako na mtuhumiwa. Nimeandika mteja."

Dafroza aliinama kuitazama karatasi.

"Si mteja? Alikulipa kwa kuchapiwa, si ndiyo?"

"Alilipa."

"Basi mteja. Weka saini hapa."

Dafroza aliichukua karatasi. Aliisoma kuanzia juu, polepole, kidole kikifuata mstari, na koplo alipokohoa kuonyesha kwamba siku inakwenda, hakuinua uso. Alipofika kwenye neno lile alilirudisha kwake.

"Futa hapo, afande. Andika rafiki."

"Mama, jua unachokisema. Ukisema rafiki, wakili wake atakuuliza kama hizo fedha mlikula wote. Hakimu atakuuliza ulijua nini. Mteja inakutoa salama."

"Najua."

"Sasa faida yake nini?"

"Hakuna faida. Alikuwa anakuja, tunakaa, tunaongea. Tangu Masatu afe hakuna mwingine aliyefanya hivyo." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Nimechapa uongo wake wote bila kuusoma. Huu mmoja nimeusoma, na siwezi kuutia saini kama ulivyo."

Koplo Wambura akapiga mstari kwenye neno mteja, akaandika juu yake lile lingine, akamwambia atie herufi za jina lake pembeni ya masahihisho. Dafroza alitia. Alitoka nje ikiwa bado mchana, akasimama barabarani, hajui aelekee wapi, kwa kuwa kazi hakuwa nayo na nyumbani hapakuwa na mtu.